Shajara ya mradi: Ombi la ruhusa ya masomo kutoka wodi ya wazazi, Pemba

9 Januari

Mradi huu ni wa barua moja na yote yanayoizunguka. Mimi ni muuguzi mkunga mwenye stashahada, nafanya kazi katika wodi ya wazazi ya hospitali moja hapa Pemba, na nimekusudia kuanza shahada ya uuguzi mwezi wa Oktoba katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam. Masomo yenyewe ni ya miaka minne. Barua nitamwandikia Bi Msimamizi wa wodi yetu, kwa sababu hakuna ombi linalopanda juu bila ya maoni yake. Naiandika shajara hii kwa ajili ya wenzangu wa wodi nyingine ambao wameshaniuliza mambo haya zaidi ya mara moja, na ambao nao watafika hapa nilipo.

Nianze kwa kuweka wazi nani anaamua nini. Msimamizi wa wodi hana mamlaka ya kumpa mtumishi ruhusa ya miaka minne. Kazi yake ni kueleza kama wodi inaweza kuendelea bila ya mtu huyo, na kwa masharti gani. Baada yake barua hupita kwa Muuguzi Mkuu wa hospitali, kisha kwa Daktari Dhamana, kisha katika ofisi ya Afisa Mdhamini wa Wizara ya Afya hapa Pemba, na ndipo hufika kwa wanaoshughulikia utumishi na mafunzo. Wote hao wa juu hawaijui rosta yetu. Watasoma sentensi mbili tatu alizoandika Bi Msimamizi pembeni mwa barua na kuzitegemea. Kwa hiyo barua yangu lazima impe yeye kitu cha kuandika.

17 Januari

Leo nimekaa na kalenda, na nimeona jambo linalowakwamisha wengi. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai, na mipango ya mafunzo ya watumishi hukusanywa miezi kadhaa kabla ya hapo, wakati bajeti inatayarishwa. Maombi ya vyuo, kwa upande wake, hufunguliwa katikati ya mwaka, na majibu hutoka baadaye. Anayesubiri barua ya chuo ndipo aombe ruhusa hulikuta jina lake halimo katika mpango wa mafunzo, na anabaki na wiki chache za kuhangaika kati ya ofisi na bandari.

Mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja wala sitaitaja sehemu aliyokuwa, alipata nafasi ya chuo akaondoka huku barua yake ya ruhusa ingali mezani kwa mtu. Kiutumishi alihesabiwa kuwa mtoro, mshahara ukasimamishwa, na akasoma mwaka mzima wa kwanza akiwa na kesi mkononi. Ruhusa ya mdomo haina mahali pa kuwekwa ndani ya faili.

Nimeamua basi kuandika barua mbili. Ya kwanza nitaipeleka mwezi wa Februari, nikiomba Bi Msimamizi alipendekeze jina langu liingizwe katika mpango wa mafunzo, na nikisema waziwazi kwamba nafasi ya chuo bado sijaipata. Ya pili nitaipeleka nikishapata nafasi, nikiambatanisha barua ya chuo na kuirejelea ile ya kwanza kwa tarehe yake. Barua ya kwanza ndiyo ngumu, kwa sababu ndiyo inayobeba hoja.

2 Februari

Nimefanya hesabu ya rosta, na naiweka hapa yote kwa sababu ndiyo kiini cha ombi.

Wodi yetu ina wauguzi 12 pamoja na Bi Msimamizi, ambaye anafanya kazi asubuhi tu na haingii katika mzunguko wa zamu. Wanaozunguka ni 11. Kila siku tunahitaji wauguzi 3 asubuhi, 2 jioni na 2 usiku, yaani nafasi 7 kwa siku na nafasi 49 kwa wiki. Kila muuguzi akifanya zamu 5 kwa wiki, watu 11 wanatoa zamu 55. Ukiitazama hesabu hiyo peke yake utadhani wodi ina ziada ya zamu 6, na kwamba kumtoa mtu mmoja ni jambo jepesi.

Lakini kila mmoja wetu ana likizo yake ya mwaka ya takriban mwezi mmoja. Watu 11 kwa mwezi mmoja mmoja ni miezi 11, na maana yake ni kwamba karibu mwaka mzima kuna mtu mmoja hayupo. Watu wa kweli wa rosta ni 10, na zamu zao ni 50 dhidi ya mahitaji ya 49. Ziada yetu ni zamu moja kwa wiki, na hiyo huliwa na homa ya mtoto wa mtu au msiba.

Nikiondoka mimi wanabaki 9, wenye zamu 45. Pengo ni zamu 4 kila wiki. Akitokea mwenzetu mmoja kuchukua likizo ya uzazi ya miezi mitatu, pengo linakuwa zamu 9, na hapo hakuna hila ya kupanga rosta itakayoliziba bila kuwachosha watu. Nimeona barua nyingi zenye maneno kama “kuondoka kwangu hakutaathiri utoaji wa huduma”. Msimamizi anayepanga rosta kila mwezi kwa kalamu na rula anajua kwamba maneno hayo si kweli, na akishalisoma neno moja lisilo kweli huyasoma yaliyobaki kwa shaka. Yangu itataja zamu 4.

11 Februari

Rasimu ya kwanza imekamilika: ukurasa mmoja wa barua na ukurasa mmoja wa kiambatisho chenye rosta ya mfano ya wiki nne. Nainakili hapa sehemu ya katikati, ambayo niliiandika upya mara nyingi kuliko nyingine:

“Kwa heshima naomba unipendekeze niingizwe katika mpango wa mafunzo wa mwaka wa fedha ujao, ili niweze kuanza Shahada ya Uuguzi mwezi wa Oktoba, kwa muda wa miaka minne. Nafasi ya chuo bado sijaipata, na ombi la ruhusa yenyewe nitalileta kwako pamoja na barua ya chuo. Natambua kwamba kuondoka kwangu kutaacha pengo la zamu 4 kwa wiki, kama linavyoonekana katika kiambatisho. Napendekeza zamu 2 zipatikane kwa kupunguza muuguzi mmoja asubuhi ya Jumamosi na ya Jumapili, siku ambazo hakuna upasuaji wa kupangwa, na zamu 2 zipatikane kwa kuazima muuguzi mkunga kutoka kliniki ya wajawazito siku mbili ambazo kliniki haina mahudhurio makubwa. Likitokea pengo la likizo ya uzazi, mpango huu hautatosha, na litahitajika ombi la mtumishi wa muda.”

Sababu ya kusoma nimeiweka katika aya moja tu, na nimeifunga na kazi ya wodi. Patografu zetu nyingi hujazwa baada ya mtoto kuzaliwa, kwa kukumbuka, badala ya kujazwa saa kwa saa wakati uchungu unaendelea. Chati iliyojazwa hivyo huonekana safi sana kwenye faili, lakini haikumsaidia mama, kwa sababu thamani yake ni kumwonesha mkunga mapema kwamba njia haifunguki kama inavyotakiwa. Nimejaribu kulirekebisha kwa kuwakumbusha wenzangu, na hali hubadilika kwa wiki mbili tatu kisha hurudi ilivyokuwa. Katika shahada nataka kujifunza namna ya kuchunguza jambo kama hili kwa utaratibu, kupima kabla na baada, na kusimamia mabadiliko yakadumu. Hilo nimelieleza, na sikuongeza neno juu ya cheo wala mshahara, ingawa si aibu kuyataka.

15 Februari

Bi Msimamizi aliniita baada ya makabidhiano ya asubuhi. Alikuwa amekwishasoma, na kiambatisho changu kilikuwa mezani kwake kimechorwa duara kwa kalamu nyekundu kwenye safu ya usiku. Namnukuu kadiri ninavyokumbuka: “Mwanangu, hesabu yako ya zamu nimeikubali. Sasa niambie, usiku nani anashika wodi?”

Swali lake liliifungua hesabu ambayo wastani wa zamu unaificha. Usiku wauguzi ni wawili, na mmoja wao lazima awe mkunga anayeweza kuongoza: anayeweza kumzalisha mtoto aliyetanguliza matako, kuamua wakati wa kumpigia simu daktari, na kuzuia damu huku daktari yuko njiani. Katika wale 11, wenye uwezo huo waliokubaliwa ni 5, na mimi ni mmoja wao. Bi Msimamizi hampi mtu zaidi ya usiku 2 kwa wiki, na ni kanuni nzuri. Watano wanatoa usiku 10, na hata mmoja akiwa likizo wanabaki na 8 dhidi ya mahitaji ya 7. Nikitoka mimi wanabaki wanne, ambao wanatosha kwa usiku 8. Mmoja wao akienda likizo, watatu wanatoa usiku 6, na usiku mmoja wa kila wiki unabaki bila ya kiongozi. Viongozi wanne wana likizo za miezi minne kwa mwaka. Maana yake, theluthi moja ya mwaka wodi ingekuwa na usiku mmoja kila wiki usio na mtu wa kuushika.

Kumwazima mkunga wa kliniki hakulitatui hilo, kwa sababu yeye huja asubuhi. Mtumishi wa muda pia halitatui, kwa sababu hakubaliwi kuongoza usiku siku ya kwanza. Dawa yake ni kuwatayarisha wakunga wawili wadogo waliomo humu humu wodini, na kazi hiyo inahitaji miezi. Bi Msimamizi alisema ataweka maoni mazuri iwapo barua itabeba mpango huo, na kwamba angependa uanze mwezi wa Machi, chuo kipatikane kisipatikane. Nimeona ana haki. Barua nimeirudisha kwake ikiwa na aya mpya, na amesaini na kuipeleka kwa Muuguzi Mkuu.

Machi hadi Juni

Nayaandika kwa pamoja kwa kuwa kazi ilikuwa moja. Wakunga wawili wamekuwa wakipangwa nami usiku, kwa zamu, mimi nikiwa wa pili na wao wakiongoza. Tulikubaliana na Bi Msimamizi kwamba hatutapima kwa idadi ya usiku waliokaa, bali kwa mambo matatu tunayoweza kuyaona.

La kwanza ni patografu. Mkunga anayeongoza lazima aijaze papo hapo, na mchoro ukivuka mstari wa tahadhari awe ameshaandika alichokifanya kabla haujaufikia mstari wa hatua, ambao uko saa 4 kulia kwake. Namna ya kutambua chati iliyojazwa kwa kukumbuka ni rahisi ukishaizoea: wino ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, mapigo ya moyo wa mtoto yanajirudia namba ile ile, na saa zote zimeangukia kamili.

La pili ni damu baada ya kuzaa. Tumefundishwa sote kwamba damu ikizidi mililita 500 baada ya kuzaa kwa njia ya kawaida ni hatari, lakini jicho hudanganya, hasa kanga ikishafyonza. Mmoja wa wakunga hawa alikuwa mwepesi wa mikono lakini akikadiria chini kila mara. Tulimzoesha kutandika kitambaa safi kilichopimwa uzito, kisha kukipima tena, ambapo gramu moja inachukuliwa kuwa karibu na mililita moja. Baada ya muda makadirio yake ya macho yakaanza kusogea karibu na mizani.

La tatu ndilo lililochukua muda mrefu zaidi, nalo ni simu kwa daktari. Mkunga mdogo huchelewa kupiga, na ujuzi si tatizo, tatizo ni kuona haya. Anaona vibaya kumwamsha mkubwa saa 9 za usiku. Tuliandika kwenye karatasi moja, iliyobandikwa juu ya simu, mambo ambayo yakitokea anapiga bila kujiuliza, na Bi Msimamizi akamwomba daktari wa zamu aisaini karatasi hiyo. Sahihi ile imefanya kazi kubwa kuliko mafundisho yangu. Kufikia mwisho wa Juni mmoja alikuwa tayari kabisa, na wa pili alikuwa akihitaji muda zaidi.

20 Julai

Dirisha la maombi ya vyuo limefunguliwa. Mwenye stashahada hawezi kujaza fomu bila ya namba ya AVN, ambayo hutolewa na NACTVET kuthibitisha matokeo yake ya chuo. Nawashauri wenzangu waitafute mapema, kwa sababu jina likiwa tofauti hata kwa herufi moja kati ya cheti cha kidato cha nne na cheti cha stashahada, marekebisho huchukua muda, na sisi wa visiwani majina yetu huandikwa kwa namna nyingi. Kiwango cha ufaulu kinachotakiwa katika stashahada ni wastani wa 3.0 au daraja B, pamoja na ufaulu wa masomo ya sayansi ya kidato cha nne. Maombi nimeyatuma.

Nimefanya pia jambo jingine dogo lenye uzito. Katika rasimu za mwanzo nilikuwa nimefikiria kuahidi kurudi wodini kila chuo kinapofunga. Bi Msimamizi aliipenda ahadi hiyo, kwani ingemfaa hasa kwa zile likizo za viongozi wa usiku. Hata hivyo shahada ya uuguzi ina saa nyingi za mazoezi wodini, na vipindi hivyo vinaweza kuangukia miezi ambayo kozi nyingine ziko mapumzikoni. Tumekubaliana iandikwe hivi: “nitaripoti kazini katika vipindi vya mapumziko ambavyo havina mazoezi ya lazima, na nitakupa ratiba ya chuo mwanzoni mwa kila mwaka wa masomo”. Sentensi hiyo ni ndefu kuliko ahadi ya kwanza, lakini anaweza kuipangia rosta.

26 Septemba

Nafasi ya chuo imepatikana, alhamdulillahi. Barua ya pili nimeiandika jioni ile ile, nayo ni fupi: rejea ya barua ya Februari na tarehe yake, jina la kozi, tarehe ya kuripoti, muda, na ombi la ruhusa ya masomo yenye malipo ya mshahara. Nimeambatanisha barua ya chuo, nakala ya barua yangu ya kuthibitishwa kazini, nakala ya leseni yangu ya Baraza la Wauguzi na Wakunga, na ukurasa mmoja mpya wa Bi Msimamizi mwenyewe unaoeleza kwamba wakunga wawili wamekubaliwa kuongoza usiku. Ukurasa huo sikumwomba. Wa pili alikubaliwa mwezi wa Agosti.

Hesabu mpya ya usiku ni hii: viongozi wanne waliobaki na wawili wapya ni sita, wanaotoa usiku 12. Mmoja akiwa likizo wanabaki na 10, na hata wawili wakikosekana kwa pamoja wanabaki na 8 dhidi ya 7. Kwa upande wa usiku, wodi inabaki imara kuliko ilivyokuwa nilipokuwapo. Pengo la zamu 4 za wiki bado lipo, na linazibwa kwa mpango ule ule wa wikiendi na wa kliniki, ambao Muuguzi Mkuu ameuridhia kwa maandishi.

14 Oktoba

Ruhusa imetoka kwa maandishi, na mkataba wa kurudi kutumikia baada ya masomo nimeusaini. Leo tumefanya makabidhiano. Yaliyomo kwenye rosta yalikuwa mepesi, yaliyotaka umakini ni yale ambayo hayajaandikwa popote. Mimi ndiye niliyekuwa nikisoma kipimajoto cha friji ya oksitosini asubuhi na jioni na kuandika kwenye karatasi iliyoning’inizwa mlangoni. Dawa hiyo tunaihifadhi kati ya nyuzijoto 2 na 8, na ikikaa kwenye joto hupoteza nguvu bila kubadilika rangi, hivyo mtu huchoma uniti 10 akidhani amechoma dawa. Umeme ukikatika usiku lazima kuwe na mtu anayejua barafu iko wapi. Kazi hiyo sasa ina majina mawili, la asubuhi na la jioni, nayo yameandikwa kwenye rosta yenyewe chini ya safu ya zamu. Kukagua toroli ya dharura kila Jumatatu nako kumepata jina.

Limebaki jambo moja ambalo halijafungwa. Mkunga wa kliniki aliyeazimwa anatarajia kuchukua likizo yake mwezi wa Disemba, na zamu zake 2 za kila wiki hazijapata mtu. Bi Msimamizi ameshaandika ombi kwa Muuguzi Mkuu, na nakala yake imo katika faili la rosta kwa yeyote atakayelifuatilia.